Plagi ya waifai inapotea tangu ruta ibadilishwe

Swali: Fundi, niko Njoro. Plagi yangu ya waifai huwasha taa ya vifaranga. Tangu niletewe ruta mpya, inapotea kwenye simu mara tatu kwa siku, kisha inarudi yenyewe. Jina la waifai na paswadi ni yale ya zamani. Nibadilishe plagi?

Jibu: Usiinunue nyingine bado, ndugu. Paswadi ingekuwa na kosa, plagi isingerudi hata mara moja. Hii inarudi, kwa hivyo ni nzima. Inachopoteza ni mawimbi ya ruta.

Plagi nyingi za aina hii husikia masafa ya 2.4 GHz pekee. Ruta mpya hurusha 2.4 na 5 GHz kwa jina moja, na hujaribu kusukuma vifaa kwenye 5, ambako plagi yako haiwezi kwenda. Tena chaneli ikiwa kwenye Auto, ruta hujihamishia popote inapoona pametulia. Hapa Kenya inaweza kwenda hadi chaneli ya 13, lakini plagi iliyotengenezwa kwa soko la Marekani hukomea 11. Ruta ikipanda juu ya hapo, plagi inakuwa kiziwi hadi ishuke.

Mteja wangu wa Kisumu alisumbuka hivyo na plagi ya friza ya samaki. Nilimwambia ikipotea asiichomoe, afungue kwanza ukurasa wa ruta asome chaneli. Ikipotea alikuta 13, ikirudi 6. Tuliifungia kwenye 6 na tatizo likaisha.

Fanya vivyo hivyo. Kwenye kivinjari andika anwani iliyo kwenye kibandiko chini ya ruta, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Zima Smart Connect (kwingine huitwa Band Steering), kisha ipe 5 GHz jina jipya. Jina la zamani liachie 2.4, ili plagi ijiunge bila kuanza upya. Kwenye 2.4 hiyo chagua chaneli 1, 6 au 11, upana 20 MHz, na usalama WPA2-PSK (AES), maana WPA2/WPA3 iliyochanganywa huzitatiza plagi za zamani.

Ikiendelea kupotea baada ya siku nzima, tazama banda lenyewe. Mabati hula mawimbi sana. Ipeleke plagi sebuleni karibu na ruta kwa siku moja. Ikitulia huko, unahitaji kusogeza ruta, si kubadilisha mipangilio.

Vifaranga wasipate baridi wakati huu. Plagi ikipoteza waifai, taa kwa kawaida hubaki ilivyokuwa, na plagi nyingi hujiwekea ratiba ndani. Yako ipime mchana: weka ratiba ya dakika kumi mbele, zima ruta, kaa bandani uone kama taa itawaka. Isipowaka, taa hiyo ichomeke moja kwa moja ukutani hadi umalize kurekebisha ruta.