Maandishi yenye ukungu kwenye monita ya 4K

"Wakuu, nimeunganisha monita ya 4K ya inchi 27 kwenye Mac. Nikiweka 2560 x 1440 maandishi yana ukungu. Tatizo nini?"

Mkuu, hapo 2560 x 1440 ziko mbili, na nahisi umechagua ile mbovu. Nenda System Settings, Displays, Advanced, uwashe "Show resolutions as list". Ukirudi nyuma, washa "Show all resolutions". Yenye maneno "low resolution" achana nayo: Mac inachora pikseli 2560 x 1440 tu, kisha picha inavutwa hadi ijaze 3840 x 2160. Ukungu unatoka hapo. Isiyo na maneno hayo inachorwa kwa 5120 x 2880, halafu inapunguzwa.

Hakikisha kwenye Terminal:

```
system_profiler SPDisplaysDataType
```

Mstari wa `Resolution` ukianza na 5120 x 2880, na `UI Looks like` na 2560 x 1440, umeipata.

Hata hivyo, kule kupunguza kunaacha ulaini kidogo. Kali kabisa ni 1920 x 1080 isiyo na "low resolution", maana kila nukta inapata pikseli nne kamili. Ila kwa inchi 27 kila kitu kinakuwa kikubwa mno. Mimi nimebaki na 1440.