Kutofautiana na kutofautisha: herufi chache zilizomponza mwanafunzi

*Swali: Shikamoo mwalimu. Nasoma sheria huku Malimbe, Mwanza, na wiki ijayo nina mtihani. Kwenye zoezi niliandika "Mahakama Kuu ilitofautiana na uamuzi wa Mahakama ya Rufani", nikakatwa alama. Mhadhiri kaandika pembeni "haiwezi". Kwani kutofautiana na kutofautisha si yale yale? Halafu, uamuzi "unaofunga" na "unaoshawishi", ndivyo tunavyosema?*

Marahaba. Mhadhiri wako hakukuonea. Kiambishi -ana kinawaweka wawili kwenye mzozo: nikitofautiana nawe, mimi nasema hivi na wewe unasema vile, juu ya jambo lile lile. Kiambishi -isha kinamweka mtu wa tatu anayetazama vitu viwili na kuonyesha kwamba si kimoja. Muuza samaki pale mwaloni Kirumba anayekuambia huyu ni sangara wa jana na yule ni wa leo anatofautisha. Hagombani na sangara.

Sasa peleka hilo mahakamani. Mahakama Kuu ikitofautiana na Mahakama ya Rufani, maana yake imesema wakubwa wamekosea, na hiyo ruhusa haina. Katika kesi ya Jumuiya ya Wafanyakazi Tanzania dhidi ya Kiwanda cha Uchapishaji cha Taifa, ya mwaka 1988, Mahakama ya Rufani ilieleza bila kuzunguka kwamba mahakama na mabaraza yote yaliyo chini yake yanabanwa na maamuzi yake, yawe sahihi au yasiwe sahihi. Jaji wa Mahakama Kuu aliyeketi Mwanza anaweza kuandika kwamba uamuzi fulani haumpendezi, lakini akishaandika hivyo ataufuata. Isipokuwa kama kesi iliyo mbele yake si ya aina ile. Hapo hatofautiani na mtu, anatofautisha.

Kuhusu "kufunga", neno linatumika na linaeleweka, ila liandike kwa uangalifu. "Uamuzi unaofunga mahakama" unaweza kusomeka kana kwamba milango imetiwa kufuli, na "hakimu alifungwa na Mahakama ya Rufani" itamfanya msomaji aulize miaka mingapi. Mimi huandika "uamuzi wenye nguvu ya kufunga", au nasema hakimu "anabanwa na" uamuzi. "Kushawishi" nalo lina kivuli chake, kwa sababu kanisani tunaomba tusitiwe katika vishawishi. Lakini "uamuzi wenye nguvu ya kushawishi" umeshazoeleka, na maana yake ni safi: hakimu anausikiliza kwa uzito wa hoja zake na cheo cha aliyeutoa, kisha ana hiari ya kuufuata au kuuacha. Uamuzi wa Mahakama za Uingereza leo una nguvu hiyo tu hapa kwetu. Hali kadhalika uamuzi wa jaji mmoja wa Mahakama Kuu mbele ya jaji mwenzake, ingawa huo huo unawabana mahakimu walio chini yao. Kitu kimoja nakuomba: usiuite uamuzi wa awali "mamlaka". Kwetu mamlaka ndiyo inayokata maji usipolipa bili.

Turudi kwenye kutofautisha, maana ndipo alama zilipo. Mfano ninaoupenda ni ndoa mbili za Kiingereza.

Ya kwanza ni Balfour dhidi ya Balfour, 1919. Mume alikuwa mhandisi wa serikali huko Ceylon, sasa Sri Lanka. Walikuja Uingereza likizo. Mke akaugua, daktari akamshauri abaki. Mume, kabla ya kurejea kazini peke yake, aliahidi kumtumia paundi 30 kila mwezi. Baadaye ndoa ikaharibika, fedha zikawa mgogoro, mke akashtaki. Mahakama ya Rufani ya Uingereza ikamkatalia: ahadi ile ilikuwa mazungumzo ya nyumbani, haikukusudiwa kuwa mkataba wa kupelekana mahakamani.

Ya pili ni Merritt dhidi ya Merritt, 1970. Mume alikuwa amekwisha kumwacha mke na kwenda kuishi na mwanamke mwingine. Walikutana ndani ya gari kuzungumzia fedha. Mume alikubali kutoa paundi 40 kwa mwezi, na mke alipe deni la nyumba. Mke akakataa kushuka garini mpaka apate maandishi, na mume akaandika na kusaini kwamba deni likiisha nyumba itakuwa ya mke peke yake. Mke akalimaliza deni. Mume akageuka, na shauri likafika Mahakama ya Rufani ya Uingereza.

Tazama majaji walikokuwa wamesimama. Mahakama ile ile ya Rufani ilikwisha kuamua mwaka 1944, katika kesi ya Young dhidi ya kampuni ya kutengeneza ndege ya Bristol, kwamba inabanwa na maamuzi yake yenyewe, isipokuwa kwa sababu chache. Kwa hiyo Balfour ilikuwa ukuta mbele yao. Hawakusema ukuta umejengwa vibaya. Walisema mke huyu hayuko upande ule: wana Balfour walikuwa wakiishi kwa maelewano ahadi ilipotolewa, wana Merritt walikuwa wameshatengana, na watu wanaotengana hawaachi mambo kwenye imani, hudai maandishi. Mke akashinda. Na Balfour? Ipo hai mpaka leo, kwa wanandoa wanaoelewana. Ingekuwa imetenguliwa ingekufa. Kutengua ni kusema uamuzi ule haukuwa sheria sahihi, na hiyo ni kazi ya mahakama yenye uwezo huo.

Kiswahili hapa kinakusaidia kuliko unavyodhani. Kitenzi kutofautisha kinadai vitu viwili. Ukiandika "Mahakama ilitofautisha Balfour" ukaweka nukta, msomaji anangoja: na nini? Ukishaandika "na kesi iliyo mbele yake" anauliza tena: kwa lipi? Na hilo "lipi" ndilo jibu la mtihani. Lazima liwe jambo ambalo uamuzi wa kwanza ulilitegemea. Lijaribu hivi: ling'oe kwenye kesi ya awali, uone kama hukumu ingesimama. Ng'oa Ceylon, weka Ukerewe. Balfour inasimama vile vile, kwa hiyo umbali wa mahali haukuwa na uzito. Ng'oa maelewano ya wanandoa, hukumu inayumba. Hapo umekipata kiini cha uamuzi, na hicho pekee ndicho kinachobana. Maneno mengine ya jaji ni ya pembeni, hata yakiwa matamu.

Tuseme unapewa swali hili: mume na mke wa Igoma wametengana, mume kasaini karatasi kwamba mke akimaliza mkopo wa injini ya boti, injini ni yake. Mkopo umeisha, mume kaificha injini Sengerema. Wakili wa mume anakuja na Balfour. Usianze na kutofautisha. Anza na swali la kwanza, kama uamuzi huo unambana hakimu wetu kabisa. Haumbani, ni wa Uingereza, unamshawishi tu. Kisha andika: "Hata hivyo, kesi hii inatofautishwa na Balfour kwa kuwa wanandoa hawa walikwisha kutengana walipoandikiana, na uamuzi wa Balfour ulitegemea maelewano yao." Ongeza Merritt. Ukijaza hoja kwamba kule ni fedha na huku ni injini, mhadhiri atachukua tena ile kalamu yake.