Muhtasari umemeza uhakiki

"Gazeti limenipa maneno 400 kuhakiki riwaya mpya, muhtasari peke yake umeshafika 310, nifanyeje?"

Kata ubaki 130 ndugu, na usivuke theluthi ya kwanza ya kitabu, ukijikuta unaandika "kisha… baadaye… halafu" ujue unasimulia tu. Ndoano, yaani ufunguzi wa kumvuta msomaji, ipe kama 50, achana na idadi ya kurasa (nani anajali?), anza na kitu kimoja cha ndani, mfano mjane anayehesabu funguo kila usiku, halafu jina la kitabu na mwandishi palepale. Hizo 220 zilizobaki ni za hukumu yako, ukisema mazungumzo yamepooza nukuu sentensi moja tuone. Na hukumu usiiweke yote mstari wa mwisho, mhariri akikosa nafasi mara nyingi anakata kuanzia chini.