Mpira wa mlango umechanika: nilipobandika na nilipolazimika kubadilisha

Juzi dada mmoja wa Lamu aliniandikia. Mpira wa mlango wa mashine yake ya kufulia umechanika, na fundi anamwambia aagize mwingine Mombasa, uje kwa basi hadi Mokowe kisha uvushwe kwa boti. Akaniuliza, "Dada, siwezi kuubandika tu?" Nimemjibu kwa kirefu, maana swali hilo limenila pesa.

Mimi hufua mashuka ya nyumba za wageni hapa Malindi. Mwaka jana niliamka nikakuta dimbwi mbele ya mashine. Fundi niliyemwita hakuufungua hata mlango. Alisema pampu imekufa, akaibadilisha, nikamlipa. Jioni dimbwi likarudi. Jambo hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu nilipofungua mlango na kuupanua mkunjo wa mpira kwa vidole, nikimulika kwa tochi ya simu, niliuona mpasuko wa sentimita mbili hivi upande wa chini, na waya wa sidiria umelala pale pale kama sindano.

Nikaubandika kiraka cha baiskeli. Kilivumilia mafuo manne. Mipira hii mingi ni ya aina iitwayo EPDM, na solusheni ya baiskeli haiishiki sawasawa. Nikakwangua, nikapiga msasa, nikafuta kwa spiriti, nikapaka silikoni na kuiacha siku nzima ikauke. Wiki ya tatu maji yakaanza tena, safari hii yakichuruzika kwa ndani, kuelekea chini ambako kuna mota na nyaya. Hapo nikachomoa plagi, nikaacha ubishi.

Nilichokuwa sijakielewa ni hiki. Mpira una kingo mbili: wa mbele umebanwa kwenye bodi ya mashine, ambayo imetulia, wa nyuma umebanwa kwenye tangi, ambalo linaning'inia kwa springi na kuyumba kila mashine inapokamua. Mkunjo wa katikati ndio unaobeba mchezo huo wote. Kiraka kilichowekwa pale hupindwa na kunyooshwa maelfu ya mara katika fuo moja, hata kama silikoni ni nzuri namna gani.

Basi usianze kwa kupima urefu wa mpasuko. Fungua mlango, shika ukingo wa dramu, uisukume nyuma na kuivuta mbele huku ukiutazama mpasuko. Ukifunguka kama mdomo, badilisha mpira. Ukiwa nusu ya chini, ambako maji husimama, badilisha pia, hata kama ni mdogo. Na mpira ukiwa na nyufa nyembamba kila mahali, au unanata mkononi, kiraka hakina pa kushika.

Mashine yangu ya pili ilichanika juu, sentimita moja, kwenye ukingo wa mbele, nje kidogo ya pale kioo kinapolalia. Pale mpira hauchezi, na maji hufika kwa kurukaruka tu. Nilisafisha, nikapaka silikoni nyembamba, nikailainisha kwa kidole kilicholowa sabuni ili isiache nundu itakayozuia kioo kukaa sawa. Huu ni mwezi wa nane tangu hapo, sakafu kavu. Ndugu zangu, msidharau kiraka, lakini kiwekeni mahali pake.

Ukibadilisha, soma namba ya modeli kwenye lebo, mara nyingi iko kwenye fremu ya mlango, na umpe muuzaji namba hiyo yenyewe. Mipira hufanana kwa macho na kukataa kuingia. Chomoa plagi, funga bomba. Pete ya waya inayoubana mpira kwa mbele hutoka kwa kuivuta springi yake kwa bisibisi. Pete ya nyuma ndiyo kazi. Kwenye yangu ilibidi nitoe paneli nzima ya mbele. Kabla ya kuutoa mpira wa zamani piga picha, kwa sababu mpya lazima ukae vile vile: alama ya juu ilingane na alama ya tangi, na vitundu vya kutolea maji viwe chini kabisa. Vikienda kando, maji yatalala mkunjoni na kuota ukungu. Mpira mpya ukigoma kuingia, paka maji ya sabuni ya vyombo, kamwe si grisi wala mafuta, kwani mafuta huuvimbisha mpira huu. Kisha iache mashine isuuze bila nguo ndani, gazeti likiwa limetandikwa mbele ya mashine.

Dada wa Lamu alinitumia picha jana usiku. Mpasuko uko chini, ndani ya mkunjo. Nimemwambia aagize, na hadi boti ifike afue kwa beseni.