Kiputo chembamba, neno pana

*Ndugu mtafsiri, niko hapa Goma, natafsiri bede, yaani hadithi za katuni, toka Kifaransa. Viputo vya maneno ni vidogo, maneno yetu marefu hayaingii. Nipunguze ukubwa wa herufi? Na milio, kama ya mtu kutumbukia ziwani, niiache vile ilivyochorwa?*

Herufi usipunguze, ndugu yangu. Kiputo kimoja kikiwa na herufi ndogo kuliko vingine, msomaji atadhani mtu ananong'ona, na pengine mwenyewe anapiga kelele.

Kinachokusumbua ni upana wa mstari. Kiswahili mara nyingi kinatumia maneno machache kuliko Kifaransa, lakini kila neno linabeba mengi. Kwa hiyo kabla ya kutafsiri, andika kwa penseli kando ya kila kiputo: mistari mingapi, na mstari mrefu kabisa una herufi ngapi.

Tuchukue mfano. Mama anauliza, "Uliwaona wadogo zako sokoni?" Kijana anajibu kwa maneno sita mafupi ya Kifaransa, mistari minne, mrefu kabisa herufi sita. SIKUWAONA ina herufi tisa, haiingii. Ukiikata SIKU-WAONA, jicho linasoma kwanza "siku", na mzaha unaharibika. Ukikata SI-KUWAONA, kipande cha pili bado kina saba. Basi acha kitenzi, kwa sababu swali limekwisha kukitaja. Andika HATA, chini yake MMOJA! Kumbuka tu kwamba M na W zinakula nafasi kuliko I. Hapa MMOJA inapita kwa kuwa mistari miwili inakaa katikati, ambapo kiputo ni kipana zaidi. Pale ambapo lazima ukate neno, kata baada ya irabu, kama WANATU-TAFUTA, na usitenganishe NG' wala NY. Kisha soma kipande cha kwanza peke yake uone kama hakijawa neno lingine.

Kwa milio tuna utajiri, na mimi sioni sababu ya kuacha ya Kifaransa. Anayetumbukia ziwani ni TUBWI, anayeanguka pakavu ni PU, mti unaovunjika ni KACHA. TUBWI ina herufi tano, sawa na mlio wa Kifaransa wa kutumbukia, kwa hiyo inakaa palepale juu ya mawimbi. Kazi ngumu ni vitu visivyo na mlio uliozoeleka, kwa mfano chukudu, lile gari la mbao la magurudumu mawili, likiteremka juu ya mawe ya volkano. Hapo anza na kitenzi: kutoka "kukwaruza" unapata KWARU KWARU, na msomaji anaelewa bila maelezo.

Kabla ya yote, muulize mchoraji kama ana faili ambamo maandishi yamewekwa kwenye tabaka la peke yake, mbali na picha. Kama mlio umechorwa pamoja na picha, mtu atapaswa kuchora upya maji yaliyo nyuma yake. Mlio ukiwa umepita juu ya uso au mkono, uache, kisha andika TUBWI ndogo pembeni, ndani ya fremu hiyohiyo.