Kambale, magamba na insha ya dini

"Nasoma chuo hapa Iringa. Niliandika kwamba Walawi 11 inakataza nguruwe kwa sababu ya minyoo. Mwalimu kaandika: hii si anthropolojia. Nirekebishe wapi?"

Ndugu, minyoo iweke kando. Haielezi kwa nini ngamia naye kakatazwa. Mwanaanthropolojia Mary Douglas, mwaka 1966, aliuliza swali jingine: mnyama huyu ni wa kundi gani? Anayeliwa ana kwato zilizopasuka na anacheua. Nguruwe ana kwato hizo ila hacheui. Ngamia anacheua, kwato hizo hana. Wote wawili hawatimizi sharti la kundi.

Kwa mfano wako nenda sokoni kwenye samaki wa Mtera. (Kitimoto kiache, kitakuletea ubishi tu.) Perege ana mapezi na magamba kama Walawi 11 inavyotaka, Msabato ananunua. Kambale ana mapezi bila magamba, Msabato anampita hata kama ametolewa majini asubuhi hiyo. Unajisi hapo ni kukosa nafasi kwenye mpangilio.

Ila angalia: Msabato mwenyewe huenda akakwambia ni suala la afya. Usimsahihishe. Andika maelezo yake kama yake, kisha uchambuzi wako pembeni. Pia Douglas baadaye aliibadili hoja yake, kwa hiyo muulize msimamizi wako unatumia ipi.