Diski ilikufa saa mbili asubuhi, saa tano nilikuwa naprinti

Wiki ya mitihani. Mwalimu wa taaluma amesimama kaunta ya steshenari yangu na fleshi yake mkononi, mimi nawasha kompyuta, na badala ya Windows nakuta maandishi meupe kwenye skrini nyeusi: haioni diski. Nikazima, nikawasha tena. Nikafungua kava, nikachomoa waya wa diski na kuurudisha. Diski ilikuwa inagonga kwa ndani, tk, tk, tk. Ukisikia mlio huo usihangaike kutafuta programu ya kutibu, hiyo imekufa.

"Kaka, leo nitapata kweli?"

"Mwalimu, njoo saa nne."

Sikumpa ahadi ya kumwondoa kaunta. Kwenye droo nilikuwa na diski ya nje yenye imeji, yaani nakala ya diski nzima ya kompyuta ile, ya wiki tatu nyuma, na fleshi ya kuwashia. Saa nne haikuwezekana, na sababu yake nitaieleza hapa chini kwa sababu inaweza kukukuta na wewe. Ila saa tano na dakika chache mitihani ilikuwa inatoka kwenye printa.

Mara ya kwanza kompyuta kunifia, miaka kadhaa kabla ya hapo, nilifunga kazi siku mbili. Kuweka Windows peke yake ilikuwa kama saa moja. Kilichonimaliza ni yaliyofuata: masasisho yaliyokula bando langu la wiki, draiva za printa mbili ambazo CD zake sijui zilikwenda wapi, programu ya picha za pasipoti na vipimo vyake, fonti ambazo shule inazitaka kwenye cheti, skana iliyogoma mpaka nikapata draiva ya zamani kwa jamaa wa mtaa wa pili. Nyaraka za wateja nilikuwa nazo kwenye fleshi, wala hazikupotea. Nilichopoteza ni *mpangilio* wa kazi, na mpangilio hauhifadhiwi kwa kunakili folda ya Documents.

Kuna kinga mbili, na watu wengi wanazichanganya.

Ya kwanza ni alama ya kurejea, ile ambayo Windows inaiita restore point. Ni kumbukumbu ya hali ya mfumo kwa wakati fulani: mafaili ya Windows, rejista, draiva, programu zilizowekwa. Inakaa ndani ya diski ileile. Kwa hiyo inakuokoa draiva mbovu ikiingia au sasisho likiharibu mambo, ila diski ikifa inakufa nayo. Haigusi barua zako wala picha zako, kwa maana zote mbili: haizifuti na haizirudishi.

Usidhani ipo tayari. Kwenye kompyuta nyingi za Windows 10 na 11 nilizozifungua, imezimwa. Bonyeza kitufe cha Windows, andika `Create a restore point`, fungua. Chini ya `Protection Settings` tazama C: kama imeandikwa On au Off. Ikiwa Off, bonyeza `Configure`, chagua `Turn on system protection`, kisha sogeza kile kiteleza cha nafasi. Mimi naipa asilimia 5 hadi 10 ya diski. Ukiipa asilimia 1, alama mpya inafuta ya zamani, na siku ya shida unakuta iliyobaki ni ya jana, yaani ya baada ya tatizo kuingia. Ukimaliza, bonyeza `Create`, ipe jina linaloeleweka: "kabla ya draiva ya printa", siyo "test".

Hiyo ya printa si mfano wa kutunga. Niliweka draiva mpya, kompyuta ikajizima, na kila ikiwaka inaleta skrini ya buluu kabla sijafika popote. Hapo unafanya hivi: iwashe, ikianza kuonyesha alama ya Windows izime kwa kushikilia kitufe. Rudia. Mara ya tatu itaingia yenyewe kwenye sehemu ya matengenezo. Fuata `Troubleshoot`, `Advanced options`, `System Restore`. Utaona orodha ya alama na tarehe zake. Usikimbilie `Next`, bonyeza kwanza `Scan for affected programs`, itakuonyesha programu na draiva zitakazoondoka na zitakazorudi. Mimi niliona draiva ile ya printa kwenye orodha ya zitakazoondoka, nikajua nimeshika penyewe. Haikufika nusu saa.

Kinga ya pili ni hiyo imeji: nakala ya diski nzima ya mfumo, pamoja na vile vipande vidogo vilivyofichwa vinavyoiwezesha kompyuta kuwaka. Windows ina chombo chake, kiko Control Panel kwa jina la kizamani, `Backup and Restore (Windows 7)`, upande wa kushoto `Create a system image`. Microsoft walishatangaza mwaka 2017 kwamba hawakiendelezi tena, lakini bado kipo na kwangu kimefanya kazi. Anayetaka kitu kingine, Clonezilla na Rescuezilla ni za bure na zinawaka kutoka kwenye fleshi.

Mimi napenda amri. Fungua Command Prompt kwa `Run as administrator`, diski ya nje ikiwa E:

```
wbadmin start backup -backupTarget:E: -include:C: -allCritical -quiet
```

Hilo neno `-allCritical` ndilo linalobeba vile vipande vilivyofichwa, usiliache. Diski ya nje lazima iwe imefomatiwa NTFS. Ya kwangu ilitoka dukani ikiwa exFAT, ikakataliwa. Na usijaribu kuweka imeji kwenye fleshi, chombo hiki hakiitaki. Kompyuta yangu ilikuwa na GB 70 hivi zilizotumika, na kazi ilichukua chini ya saa moja kwenye tundu la USB la buluu. Kwenye tundu jeusi la zamani, nenda ukale kwanza.

Ukimaliza utaona folda inaitwa `WindowsImageBackup`. Iache na jina lake, na iache juu kabisa ya diski. Ndugu yangu mmoja aliipeleka ndani ya folda aliyoiita "Bekapu za ofisi" ili diski ionekane nadhifu, na siku ya kuitafuta kompyuta ikasema hakuna imeji yoyote. Ilikuwepo. Tukairudisha mahali pake kwa kutumia laptopu nyingine, ikaonekana.

Halafu chomoa diski hiyo, weka droo. Steshenari inapokea fleshi za mtaa mzima, na virusi vikiingia siku imeji imechomekwa, vinaila na yenyewe.

Sasa ile saa moja niliyochelewa. Diski iliyokufa ilikuwa ya GB 500. Nikakimbia duka la vifaa, nikachukua SSD ya GB 480, nikijisemea mzigo wangu ni GB 70, nafasi tele. Nikaifunga, nikawasha kwa fleshi, nikafika `System Image Recovery`, imeji ikaonekana na tarehe yake, nikabonyeza `Finish`. Ikagoma:

```
No disk that can be used for recovering the system disk can be found.
```

Chombo hiki hakiangalii umetumia kiasi gani. Kinaangalia ukubwa wa diski ya zamani, na kinataka mpya iwe sawa nayo au zaidi. GB 480 ni pungufu, basi. Nikarudi dukani, nikaongeza hela, nikachukua ya GB 512. Mwalimu alikuwa ameshafika na amekaa kwenye benchi anasahihisha madaftari, wala hakusema kitu, na hilo lilinitisha kuliko angegomba. Nikachomeka, safari hii ikakubali. Ilichukua dakika kama arobaini, ikajiwasha, na desktopu yangu ikatokea vilevile, na printa zote mbili zinajulikana.

Kosa jingine la hapo ni la namna ya kuwasha. Ukifungua menyu ya kuwashia, fleshi moja inaweza kuonekana mara mbili, moja ikianza na neno UEFI, yaani njia mpya ya kompyuta kuwaka. Kama Windows yako iliwekwa kwa UEFI, na kompyuta nyingi za sasa ni hivyo, chagua hiyo. Ukichagua nyingine utaambiwa imeji imetoka kwenye kompyuta ya aina tofauti, wakati kompyuta ni ileile.

Fleshi ya kuwashia unaitengeneza mapema, kompyuta ikiwa nzima: tafuta `Recovery Drive`, tumia fleshi ya GB 16 au zaidi ambayo haina kitu, maana inafutwa yote. Halafu ijaribu. Washa kwa fleshi hiyo, diski ya imeji ikiwa imechomekwa, fuata njia mpaka `System Image Recovery`, uone imeji imeorodheshwa na tarehe. Ukiiona, bonyeza `Cancel`. Dakika kumi tu. Usifike `Finish`, kwa sababu hapo inafomati diski na kuandika upya kila kitu, hata ile sehemu ya D: ikiwa iko kwenye diski hiyohiyo.

Hapo ndipo penye mpaka wa imeji: inakurudisha siku uliyoipiga. Kazi za wiki tatu zilizofuata hazimo. Mimi nanakili folda ya kazi kila jioni kwenye diski nyingine, kwa hiyo nilipoteza asubuhi moja tu. Ikitokea Windows ndiyo imekufa lakini diski ni nzima, toa kazi zako kwanza kabla ya kurejesha: kwenye `Advanced options` fungua `Command Prompt`, andika `notepad`, kisha `File`, `Open`, badilisha chini iwe `All Files`. Dirisha hilo linakuonyesha diski zote, unabofya kulia folda, `Copy`, unakwenda kwenye fleshi, `Paste`. Usishangae ukikuta C: imeitwa D: huko, herufi hubadilika.

Wenye laptopu mpya, jambo moja zaidi. Nyingi zinakuja zikiwa zimefungwa kwa BitLocker, kufuli ya diski ya Windows, na ukiingia sehemu ya matengenezo unadaiwa namba ya tarakimu 48. Itoe leo, kwenye Command Prompt ya msimamizi:

```
manage-bde -protectors -get C:
```

Iandike kwenye karatasi. Ukiihifadhi ndani ya laptopu hiyohiyo, umefungia ufunguo ndani ya nyumba.

Siku hizi napiga imeji Jumapili ya kwanza ya mwezi, na nyingine kabla ya sasisho lolote kubwa. Ile SSD ya GB 480 mwenye duka hakukubali kuirudisha, nimeifunga kwenye kompyuta ya pili ambayo diski yake ilikuwa ya GB 320.